Chokaa, mabwawa na kijiji cha chini ya mto: uchambuzi wa kisa cha kiwanda cha kumenya kahawa

Kisa hiki kimeandaliwa kwa wanafunzi wa somo la biashara endelevu. Majina ya chama, kijiji, mto na wahusika yameondolewa, na namba zimesawazishwa ili hesabu zifuatike kwa urahisi. Kinahusu mawazo mawili yanayofundishwa pamoja. La kwanza ni hesabu ya mistari mitatu, iliyopewa jina na John Elkington mwaka 1994. Biashara haipimwi kwa mstari wa mwisho wa faida peke yake. Kuna mstari wa watu na mstari wa mazingira pia. La pili ni nadharia ya wadau, iliyoenezwa na R. Edward Freeman mwaka 1984. Kwake mdau ni yeyote anayeweza kuathiri malengo ya shirika au kuathiriwa nayo.

Usuli

Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, chenye wanachama 410, kipo Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kinamiliki kiwanda kidogo cha kumenya kahawa mbivu, kilichojengwa kando ya kijito. Kwa msimu wa kawaida kiwanda hupokea kilo 240,000 za kahawa mbivu. Kilo tano za mbivu hutoa takribani kilo moja ya kahawa iliyooshwa na kukaushwa, ile wakulima wanayoiita pachimenti, kwa hiyo chama huuza karibu kilo 48,000. Mnunuzi wa nje hulipa nyongeza ya shilingi 300 kwa kila kilo ya pachimenti kwa masharti ya cheti cha mazingira na kazi. Nyongeza hiyo ni shilingi milioni 14.4 kwa msimu, na huenda moja kwa moja kwa wakulima.

Kumenya kahawa kwa maji kunakula maji mengi. Mashine ya zamani ya chama ilitumia lita 12 kwa kila kilo ya mbivu. Ukizidisha kwa kilo 240,000 unapata lita milioni 2.88, na maji hayo yote huondoka yakiwa yamebeba sukari na ute wa tunda. Vijidudu vinavyokula sukari hiyo hunyonya oksijeni iliyomo majini. Ute huo unapochacha, maji hugeuka kuwa makali kama siki. Kanuni za Tanzania za ubora wa maji za mwaka 2007 zinaruhusu maji taka kuingia mtoni yakiwa na mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia yasiyozidi miligramu 30 kwa lita. Maji yanayotoka moja kwa moja kwenye mashine ya kumenya hufikia maelfu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kalenda. Nyanda za Juu Kusini kahawa huvunwa wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hivi. Kwa hiyo kiwanda humwaga maji yake machafu kwa wingi katika miezi ambayo kijito kimepungua na hakina maji ya kuyazimua. Aliyekwenda kukikagua kijito hicho mwezi Machi angeona mto mkubwa, msafi, na angeondoka ameridhika.

Mambo yalivyofuatana

Mwezi Julai, katikati ya msimu, wanawake wa kijiji kilichoko kilomita mbili chini ya kiwanda walilalamika kwa mwenyekiti wao. Maji yalinuka, ng'ombe walisita kuyanywa, na mawe ya kijitoni yalikuwa yamevaa utando wa kijivu unaoteleza kama pamba iliyolowa. Utando huo ni kundi la vijidudu vinavyostawi penye sukari nyingi na oksijeni haba, na ni dalili ya wazi ambayo mtu anaweza kuisoma bila maabara. Mwenyekiti wa kijiji alipeleka habari kwenye chama, akajibiwa kwamba suala litajadiliwa baada ya msimu. Halikujadiliwa.

Mwaka uliofuata wanawake hao walikwenda wenyewe kwenye ofisi ya bodi ya maji ya bonde. Afisa alikuja, akachukua sampuli, kisha akaandika barua yenye hoja mbili. Maji yalizidi viwango, na mashimo ya maji taka yalikuwa mita 18 kutoka ukingo wa kijito, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka umbali wa mita 60. Nakala ya barua ilimfikia mnunuzi. Mnunuzi akatoa msimu mmoja wa kurekebisha, la sivyo cheti kingesimamishwa na nyongeza ya milioni 14.4 ingepotea.

Hatua ya kwanza ya chama ilikuwa kununua chokaa na kuimwaga mashimoni. Karatasi ya kupima tindikali, ambayo awali ilionyesha 4, ikapanda hadi 7. Bodi ya chama ikafurahi, ikapiga picha karatasi hiyo na kuituma kwa mnunuzi. Kijiji kiliendelea kusikia harufu ile ile. Chokaa huondoa ukali wa maji tu. Sukari inabaki pale pale, na oksijeni inaendelea kuliwa.

Maamuzi na sababu zake

Bodi iliweka mezani njia tatu na kuzipa alama 1 hadi 5 kwa kila mstari.

| Njia | Faida | Watu | Mazingira | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Kuendelea na chokaa | 5 | 4 | 2 | 11 |
| Mabwawa mapya na kurudisha maji mashineni | 3 | 3 | 4 | 10 |
| Mashine mpya inayotumia maji machache | 1 | 2 | 5 | 8 |

Kwa hesabu hiyo chokaa ilishinda. Afisa wa bonde aliyealikwa kikaoni akauliza swali moja tu: alama 4 ya watu kwenye chokaa ilitoka wapi? Ilikuwa imetolewa kwa sababu hakuna mfanyakazi angepunguzwa wala mkulima kukatwa fedha. Watu wa kijiji cha chini hawakuwa wamehesabiwa kabisa. Orodha ya wadau ya chama ilikuwa na majina sita: wanachama, bodi, wafanyakazi wa kudumu, chama kikuu, mnunuzi na halmashauri. Wote sita ni watu wenye kiti mikutanoni.

Jedwali likafutwa. Badala ya kujumlisha alama, kila mstari ukawekewa kiwango cha chini ambacho njia yoyote lazima ikivuke kabla ya kujadiliwa. Kwa fedha, mradi usizidi kile ambacho chama kinaweza kulipa kwa misimu miwili. Kwa mazingira, maji yasiyotibiwa yasifike kijitoni. Kwa watu, kijiji cha chini kipate maji safi ya kunywa. Chokaa ikaanguka kwenye mazingira. Mashine mpya, ambayo ingegharimu shilingi milioni 80, ikaanguka kwenye fedha. Ikabaki njia ya kati, kwa gharama ya milioni 19: mabwawa matatu yaliyofungwa kwa udongo wa mfinyanzi mita 60 kutoka mtoni, milioni 8; bomba la maji ya chemchemi kwa kijiji, milioni 3.8; na tangi lenye pampu ya kurudisha maji mashineni, milioni 7.2.

Fedha zilipatikana hivi. Ziada ya chama ilitoa milioni 4.6. Mkutano mkuu ukakubali kukata shilingi 150, yaani nusu ya nyongeza, kwa kila kilo ya pachimenti kwa misimu miwili: 48,000 mara 150 ni milioni 7.2 kwa msimu. Chama kikuu kilikopesha mwanzoni, ili kilipwe baada ya mauzo. Mwaka wa kwanza ulipangiwa mabwawa na bomba, jumla milioni 11.8, na mwaka wa pili tangi na pampu.

Jambo moja liliachwa nje ya mpango. Maganda mekundu yanayotoka mashineni ni karibu asilimia 40 ya uzito wa tunda, na kwa chama hiki hayo ni zaidi ya tani 90 kwa msimu. Yalikuwa yanarundikwa wazi nyuma ya kiwanda. Fundi alipendekeza banda lenye sakafu ya kutengenezea mboji kwa milioni 3.2. Bodi ilikataa kwa maelezo kwamba mstari wa mazingira ulikwisha kutimizwa na mabwawa.

Matokeo

Msimu wa kwanza ulikwenda vibaya kwa namna tatu.

Mabwawa yalifurika. Fundi alikuwa amegawa kilo 240,000 kwa siku 90 za msimu, akapata wastani wa kilo 2,670 kwa siku, sawa na lita 32,000 za maji, na bwawa la kwanza na mfereji wake vikapimwa kwa kiasi hicho. Kahawa haiivi kwa wastani. Katika wiki mbili za kilele kiwanda kilipokea hadi kilo 8,000 kwa siku, na maji yakawa lita 96,000, mara tatu ya kipimo. Kwa usiku kadhaa mwendesha mashine alifungua lango la zamani na kuacha maji yaende mtoni. Waliogundua ni wanawake wa kijiji cha chini, waliokuta povu alfajiri. Alipoulizwa, alieleza kwamba kahawa mbivu isipomenywa siku hiyo hiyo huanza kuchacha ndani ya gunia na kuharibu ladha, na kwamba yeye hulipwa kwa kilo iliyomenywa. Kusimamisha mashine kungemnyima posho na kuwaharibia wakulima mazao.

Pili, baadhi ya wanachama waliona makato ya shilingi 150 na kuuza kwa walanguzi. Kahawa iliyopokelewa ikashuka hadi kilo 216,000, pachimenti ikawa kilo 43,200, na makato yakaleta milioni 6.48 badala ya 7.2. Pengo lilikuwa shilingi 720,000. Bodi ililiziba kwa kuahirisha bomba la kijiji hadi mwaka uliofuata.

Tatu, kiwanda kilifungwa Oktoba, na mwezi Novemba mvua za kwanza zikashukia rundo la maganda. Maji meusi yalitiririka mtoni kwa siku nne. Mashine ilikuwa imezimwa na mabwawa yalikuwa matupu, lakini mto ulinuka kama katikati ya Julai.

Kabla ya msimu wa pili mambo manne yalibadilishwa. Tangi na pampu vilifungwa, na maji ya kumenyea yakaanza kuzungushwa kwa siku nzima na kubadilishwa kila asubuhi. Maji ya kuoshea na kuchambulia mwisho yalibaki mapya, kwa sababu yaliyozungushwa yangeacha harufu kwenye pachimenti. Matumizi yakashuka hadi lita 4 hivi kwa kilo. Sasa siku ya kilele ya kilo 8,000 hutoa lita 32,000, kiasi kile kile ambacho mabwawa yalijengewa. Mwendesha mashine aliwekwa kwenye mshahara wa siku, na bakshishi ya mwisho wa msimu ikafungamanishwa na daftari la maji. Lango la zamani lilifungwa kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja ukashikwa na chama na mwingine na kamati ya maji ya kijiji cha chini. Na banda la mboji likajengwa, kwa milioni 3.6 badala ya 3.2.

Daftari lenyewe ni rahisi. Kila siku mwendesha mashine hujaza ndoo ya lita 20 kwenye bomba la kuingizia maji, huku akipima muda kwa simu, na hufanya hivyo asubuhi na jioni. Anaandika kilo zilizopokelewa, saa za pampu, karatasi ya tindikali kwenye bwawa la mwisho, na hali ya mawe katika sehemu mbili zile zile za kijito, juu na chini ya kiwanda. Sampuli za maabara huchukuliwa mara tatu kwa msimu, na moja lazima iangukie wiki za kilele.

Msimu wa pili kahawa ilipanda tena hadi kilo 231,000. Hakuna maji ya kiwanda yaliyoingia mtoni, utando wa kijivu ukaisha, na bomba la kijiji likatoa maji mwezi wa nne tangu msimu kuanza. Cheti kilibaki. Makato yalipungua tena kuliko mpango, milioni 6.93, na ziada ya chama ya mwaka huo ikazamia kwenye bomba na banda.

Uchambuzi: kwa nini mistari haijumlishwi

Kosa la jedwali la kwanza ni la kawaida sana, na wanafunzi wengi hulirudia kwenye mtihani. Ukijumlisha alama za mistari mitatu umekubali kimyakimya kwamba faida ya 5 inaweza kufidia mto wa 2. Elkington mwenyewe aliliona hili. Mwaka 2018 alitangaza kulirudisha wazo lake kwa marekebisho, akilalamika kwamba limegeuzwa kuwa chombo cha kihasibu cha kubadilishana hiki kwa kile, wakati alikusudia libadilishe namna biashara inavyofikiri. Mpangilio wa viwango vya chini uliotumiwa baadaye ni tiba inayofaa kwa chama kidogo, kwa sababu hauhitaji kuweka bei kwenye harufu ya mto. Una udhaifu wake: njia ikishavuka kiwango, hakuna kinachomsukuma mtu kuendelea mbele. Ndivyo banda la mboji lilivyokataliwa. Mazingira "yalitimizwa" kwenye karatasi kwa sababu kiwango kilitaja maji taka ya mashine na kusahau maganda.

Angalia pia kwamba mabwawa yalitangulia na pampu ikafuata. Kwa uhandisi ilipaswa kuwa kinyume: punguza maji kwanza, kisha ujenge mabwawa ya maji yaliyobaki, ambayo yangekuwa madogo na ya bei nafuu. Mabwawa yalitangulia kwa sababu yanaonekana. Mkaguzi na mnunuzi wangeyapiga picha. Pampu ndani ya banda haionekani.

Uchambuzi: nani ni mdau, na kwa kipimo gani

Ronald Mitchell, Bradley Agle na Donna Wood walipendekeza mwaka 1997 kwamba wadau wapimwe kwa mambo matatu: nguvu, uhalali wa dai na uharaka wake. Wanawake wa kijiji cha chini walikuwa na uhalali na uharaka tangu Julai ya kwanza. Walikosa nguvu. Katika mpango wa waandishi hao, mdau wa aina hii hutegemea nguvu ya mwingine, na ndicho kilichotokea. Walipofika bodi ya bonde, dai lile lile lililopuuzwa mwaka mzima likajibiwa ndani ya wiki chache. Maji hayakuwa yamechafuka zaidi. Kilichobadilika ni nani aliyelibeba dai.

Hapa kipimo hicho kinahitaji tahadhari. Kinaeleza vizuri meneja *atamsikiliza* nani. Hakisemi *anapaswa* kumsikiliza nani. Chama kiliposubiri hadi mdau apate nguvu, kililipa zaidi: mwaka mmoja wa chokaa, barua ya bodi ya bonde, na cheti kikiwa hatarini. Kuahirishwa kwa bomba ni mfano wa pili wa tabia hiyo. Pengo la shilingi 720,000 liliwaangukia watu pekee ambao wasingeweza kuuza kwa mlanguzi wala kusimamisha cheti.

Njia bora ya kutengeneza orodha ni kuacha mikutano na kufuata vitu vitatu kwa miguu, kuanzia kiwandani: maji yanakwenda wapi, fedha zinapita mikononi mwa nani, na kazi inafanywa na nani saa ngapi. Anayefuata maji anafika kijiji cha chini na kwenye rundo la maganda. Anayefuata fedha anamkuta mkulima anayekatwa 150 na mlanguzi anayemsubiri barabarani. Anayefuata kazi anamkuta mwendesha mashine saa nne usiku na magunia arobaini hayajamenywa. Yeye alikuwa kwenye orodha ya kwanza, chini ya neno "wafanyakazi", lakini hakuna aliyemuuliza analipwaje. Posho ya kilo ilikuwa na nguvu kubwa juu ya mto kuliko barua yoyote.

Kufuli mbili ndiyo hatua tunayoiona kuwa na maana kubwa zaidi katika kisa hiki, ingawa iligharimu kidogo kuliko zote. Kijiji cha chini kilipata nguvu yake chenyewe, bila kuazima ya bodi ya bonde, na chama kikapata shahidi ambaye mnunuzi anamwamini.

Yaliyobaki wazi

Vibarua wa kuchuma kahawa, ambao wengi wao hutoka wilaya nyingine na hulipwa kwa debe, hawamo kwenye orodha yoyote kati ya mbili. Makato ya 150 yaliwafikia pia: katika msimu wa kwanza baadhi ya wakulima walishusha malipo ya debe ili kufidia walichokatwa. Daftari la maji halina safu ya kuonyesha hilo, na cheti cha mnunuzi kinakagua mikataba ya wafanyakazi wa kiwanda tu. Bodi imepewa pendekezo la kuandika bei ya debe kila wiki kwenye ubao wa mahali pa kupokelea kahawa, pamoja na bei ya mbivu. Hadi kisa hiki kinaandikwa, halijapigiwa kura.